Kusimamia Mtihani Bila Kuacha Darasa Wazi

Wiki ya mtihani wa utamilifu, ule ambao wengi huuita moko, shule ya sekondari hugeuka shule mbili ndani ya uzio mmoja. Kidato cha nne wamekaa mbalimbali, kila mmoja na dawati lake, na mlangoni kumebandikwa karatasi ya namba za watahiniwa. Upande wa pili, kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu wanaendelea na vipindi kama kawaida, kengele zikigongwa kila dakika 40. Walimu wa pande zote mbili ni wale wale. Ndipo hutokea kidato cha pili B kukaa vipindi viwili bila mwalimu wa Baiolojia, kiranja akaenda kumfuata ofisini, akaambiwa mwalimu yuko chumba cha mtihani na hawezi kutoka. Hakuna aliyezembea hapo. Jina la mwalimu liliandikwa mara mbili kwa saa moja, katika karatasi mbili ambazo hazikuwahi kuwekwa pamoja.

Katika mitihani ya taifa ya kidato cha nne hapa Tanzania, tatizo hili halina sura hiyo, kwa sababu Baraza la Mitihani hutumia wasimamizi kutoka shule nyingine. Lakini moko, mitihani ya mihula na majaribio ya kila mwezi husimamiwa na walimu wa shule yenyewe, na mzigo wa kupanga humwangukia mwalimu wa taaluma. Wengi wao huanza kwa orodha ya majina kwa alfabeti: Jumatatu wawili wa kwanza, Jumanne wawili wanaofuata, hadi ukurasa ujae. Orodha ya namna hiyo inaonekana ya haki, na inaweza kubandikwa ubaoni jioni hiyo hiyo, lakini haijui lolote kuhusu vipindi. Migongano huanza kuonekana Jumatatu saa 2:00 asubuhi, wakati mwalimu wa taaluma mwenyewe anahangaika kugawa bahasha za maswali.

Tuchukue shule ya mfano tuifuate mpaka mwisho. Ni shule ya kutwa, kila kidato kina mikondo miwili, na walimu ni 14. Siku ina vipindi 8. Vinne vya kwanza vinaanza saa 2:00 na kuisha saa 4:40, mapumziko ni nusu saa, kisha vinne vya mwisho vinaanzia saa 5:10 hadi saa 7:50. Watahiniwa wamegawanywa katika vyumba viwili. Moko ni ya siku tano na kila siku ina karatasi mbili za saa tatu tatu: ya asubuhi saa 2:00 hadi saa 5:00, ya mchana saa 8:00 hadi saa 11:00.

Jambo la kwanza ni kuigeuza ratiba ya masomo. Ratiba iliyobandikwa ofisini imepangwa kwa darasa. Inakuambia kidato cha tatu A wanasoma nini Jumatano kipindi cha 3, lakini haikuambii kwa haraka mwalimu wa Jiografia yuko wapi saa hiyo. Anayepanga usimamizi anahitaji jedwali lingine, ambalo kila mwalimu ana mstari wake na kila kipindi cha wiki kina kisanduku chake. Akiwa na darasa, kisanduku kinaandikwa jina la darasa hilo. Akiwa hana, kinaachwa wazi. Kwa walimu 14 na vipindi 40 vya wiki, kazi hiyo inaweza kumalizwa kwa kalamu na karatasi ya miraba mchana mmoja, na ikishafanywa itatumika mpaka ratiba ya masomo ibadilike.

Kabla ya kuhesabu nani yuko wazi, vipindi vya kidato cha nne vifutwe kwenye jedwali hilo. Wengi hulisahau hili, na matokeo yake hulalamika kwamba walimu hawatoshi. Wiki ya moko kidato cha nne hawafundishwi, hivyo vipindi 80 vya mikondo yao miwili havipo. Madarasa yanayosoma ni sita tu, yaani vipindi 240 kwa wiki, ambavyo vikigawanywa kwa walimu 14 ni wastani wa 17 kila mmoja. Kipindi chochote kile, walimu sita wako madarasani na wanane hawana darasa. Vyumba vya mtihani ni viwili. Kwa hesabu ya juu juu, watu wapo wa kutosha na kubaki.

Ugumu unatokana na urefu wa mtihani. Karatasi ya saa tatu inakula vipindi vyote vinne vya asubuhi na dakika 20 za mapumziko. Kuna mwalimu aliye huru kipindi cha 1, mwingine kipindi cha 2, lakini aliye huru vyote vinne mfululizo ni nadra. Ndiyo sababu mtihani unafaa kukatwa katika awamu mbili, na mkato uwe kwenye kengele ya vipindi, si katikati ya saa tatu kwa kuwa ndipo nusu ilipo. Nusu ya saa tatu inaangukia saa 3:30, dakika kumi ndani ya kipindi cha 3, na mkato wa hapo unamharibia mwalimu vipindi vitatu badala ya viwili. Ukikata saa 3:20, kengele ya kipindi cha 2 inapolia, awamu ya kwanza inagusa vipindi viwili na ya pili viwili. Awamu ya pili ni ndefu kidogo, dakika 100 kwa 80, na tofauti hiyo inavumilika.

Tazama Jumanne ya shule yetu, siku ya Hisabati. Katika vipindi viwili vya kwanza, madarasa manne yana vipindi pacha, yaani mwalimu mmoja anabaki darasani dakika zote 80. Madarasa mawili yanabadilisha mwalimu kengele inapolia. Walimu wanaoguswa ni wanne, wawili na wawili, jumla wanane. Wanabaki sita. Kati yao wawili ni walimu wa Hisabati, ambao hatuwapangi kusimamia somo lao. Inabidi wawe ofisini, kwa sababu swali likionekana limechapwa vibaya ni wao watakaoamua, tena kwa vyumba vyote viwili kwa pamoja. Isitoshe, hakuna anayepaswa kujiuliza kama mwalimu aliyesimama karibu na dawati la mwanafunzi wake alimnong'oneza kitu. Wanabaki wanne. Mmoja ni mwalimu wa zamu ya wiki, na asubuhi ana wachelewaji getini na usafi wa kukagua. Wanabaki watatu kwa nafasi mbili, na kazi imewezekana. Kama tungetaka mtu mmoja akae tangu mwanzo hadi mwisho wa mtihani, wawili kati ya hao watatu wana vipindi baada ya saa 3:20, na tungebaki na mwalimu mmoja kwa vyumba viwili.

Awamu kumi za asubuhi, kila moja vyumba viwili, zinatoa nafasi 20. Za mchana nazo ni 20, lakini hizo hazigusi kipindi chochote, maana vipindi vimekwisha saa 7:50. Nafasi 40 kwa walimu 14 zinagawanyika hivi: walimu 12 wanachukua tatu tatu, na wawili wanachukua mbili mbili. Hao wawili ni mwalimu wa zamu na mwalimu wa taaluma mwenyewe, ambaye anakuwa pia msimamizi wa akiba. Tumeweka sharti moja zaidi, kwamba hakuna anayesimamia zaidi ya awamu moja kwa siku, kwa sababu mtu aliyesimama dakika 100 akatembea kati ya madawati na kisha akafundisha hawi macho tena mchana.

Sasa kupanga kwenyewe. Kishawishi ni kuanza Jumatatu na kushuka. Mimi nashikilia kwamba jedwali lisianzwe kwa siku ya kwanza bali kwa awamu yenye watu wachache wanaofaa. Andika pembeni mwa kila awamu idadi ya walimu wanaoweza kuishika, kisha anza na namba ndogo kuliko zote.

Jumatano inaonyesha kwa nini. Awamu ya kwanza ina walimu watano wanaofaa: wa Jiografia, Kemia, Uraia, Historia na Kiingereza. Awamu ya pili ina wawili tu, wa Jiografia na wa Kemia. Anayeshuka kutoka juu anakutana na awamu ya kwanza, anawachukua wawili walio mwanzo wa orodha, Jiografia na Kemia, anafurahi, anasogea. Akifika awamu ya pili hana mtu. Atadhani shule haina walimu wa kutosha, na pengine ataanza kufuta kipindi cha kidato cha kwanza. Aliyeanza na awamu ya pili anawaweka Jiografia na Kemia pale ambapo hawana mbadala, kisha anarudi awamu ya kwanza na kuchagua wawili kati ya watatu waliobaki. Walimu ni wale wale na saa ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Wanaofaa wakiwa wengi kuliko nafasi, chagua aliye na awamu chache mpaka hapo. Hapa ndipo haki inapolindwa au kupotea. Mwalimu mwenye vipindi vichache huonekana yuko wazi kila mahali, na mpangaji aliyechoka humwita kila anapokwama. Hesabu ya kila mmoja iwekwe pembeni mwa jina na isahihishwe papo hapo, asubuhi na mchana zikitengwa. Mwalimu aliyejaa vipindi asubuhi apewe za mchana, ambako ratiba haimbani. Na liangaliwe jambo ambalo hakuna ratiba inayolionyesha: mwalimu ambaye karatasi yake ilifanywa jana ana vijitabu vya watahiniwa wa mikondo miwili vya kusahihisha. Kumpanga mchana wa siku inayofuata ni kusogeza matokeo yote ya moko mbele kwa siku moja.

Itafika mahali hesabu ikatae kweli. Alhamisi, siku ya Fizikia, awamu ya pili ina mwalimu mmoja tu anayefaa, wa Kiingereza, na nafasi ni mbili. Hapo mtu aangalie nani anakosa kufaa kwa kipindi kimoja tu. Mwalimu wa Historia yuko huru kipindi cha 3, lakini kipindi cha 4 ana kidato cha kwanza A. Darasa hilo hilo kipindi cha 6 lina Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili ana darasa kipindi cha 3, ndiyo maana hakuhesabiwa kwa usimamizi, lakini kipindi cha 4 yuko huru. Mwalimu wa Historia naye kipindi cha 6 yuko huru. Basi kwa Alhamisi hiyo peke yake, kidato cha kwanza A wasome Kiswahili kipindi cha 4 na Historia kipindi cha 6. Darasa halikupoteza hata dakika moja, na msimamizi wa pili amepatikana. Badiliko kama hilo likae ndani ya darasa moja. Likigusa madarasa mawili, kila kipindi kilichohamishwa kinaweza kuzua mgongano mpya, na usiku hautoshi kuufuatilia. Kiranja wa darasa aambiwe siku moja kabla, ili wanafunzi waje na madaftari yanayotakiwa.

Shule inayotunga mtihani wake yenyewe ina njia nyingine ambayo hutumika mara chache mno: kubadilisha mpangilio wa karatasi. Fizikia ikihamishiwa mchana na karatasi ya mchana ikaja asubuhi, mwalimu wa Fizikia aliyekuwa amezuiwa na somo lake anaweza kuingia kwenye orodha ya asubuhi. Katika moko ya mkoa mlango huo umefungwa, kwani ratiba ya karatasi ni moja kwa shule zote. Kinachobaki ni kumwomba makamu mkuu wa shule ashike nafasi hiyo. Sioni ubaya wowote makamu kusimamia. Ubaya ni kidato cha kwanza kukaa bila mwalimu ilhali wapo watu wazima wawili ofisini.

Kuna kosa ambalo halionekani kwenye jedwali hata likiwa limejaa vizuri, nalo liko saa 3:20. Anayemaliza awamu ya kwanza ana kipindi cha 3 na anatakiwa darasani mara moja. Anayempokea ametoka kufundisha kipindi cha 2, anafuta ubao upande wa pili wa shule. Kwa karatasi, hakuna aliyegongana na kipindi chake. Kwa kweli, chumba cha watahiniwa kina dakika tano bila msimamizi, au darasa moja linamsubiri mwalimu aliyekataa, kwa haki kabisa, kuondoka kabla mwenzake hajafika. Kanuni ni hii: katika kila makabidhiano, mmoja wa hao wawili awe na kipindi wazi upande wa mkato. Ama anayetoka awe huru kipindi cha 3, ama anayeingia awe huru kipindi cha 2. Jumatano yetu inapita, kwa sababu walimu wa Jiografia na Kemia walikuwa huru tangu awamu ya kwanza na wanaweza kufika dakika kumi mapema. Asubuhi zote tano zina makabidhiano kumi tu, mawili kila siku, hivyo yanakaguliwa kwa macho. Pale kanuni isipotimia, msimamizi wa akiba asimame mlangoni saa 3:15. Na makabidhiano yenyewe yawe na maneno: watahiniwa wangapi wamo, nani ametoka kwenda chooni, vijitabu vingapi vya ziada vimegawiwa. Mkato wa saa 5:00 nao una ukingo wake. Kukusanya na kuhesabu vijitabu kunaweza kula dakika kumi zote kabla ya kengele ya saa 5:10, kwa hiyo mwenye kipindi cha 5 asiwe wa mwisho kutoka na bahasha.

Shule yenye kompyuta inaweza kukagua kazi yote kwa fomula moja ya Excel. Ukurasa wa kwanza uitwe Vipindi, kila kipindi cha wiki kikiwa na mstari wake: safu A jina la mwalimu, B siku, C namba ya kipindi. Shule yetu itakuwa na mistari 240. Ukurasa wa pili ni wa usimamizi: A jina, B siku, C kipindi awamu inapoanzia, D kipindi inapoishia. Katika safu F andika:

```
=COUNTIFS(Vipindi!$A:$A,A2,Vipindi!$B:$B,B2,Vipindi!$C:$C,">="&C2,Vipindi!$C:$C,"<="&D2)
```

Jibu ni idadi ya vipindi ambavyo mwalimu huyo anavyo ndani ya awamu aliyopangiwa. Sifuri maana yake hakuna mgongano. Namba nyingine yoyote ni darasa litakaloachwa wazi. Tahadhari moja ni muhimu sana. Sifuri inaweza kudanganya. Ukurasa mmoja ukiandika Mw. Juma na mwingine Juma, au jina likifuatwa na nafasi moja isiyoonekana, fomula haimpati mwalimu huyo popote na inarudisha sifuri kana kwamba yuko huru wiki nzima. Basi safu G iwe ya kukagua jina lenyewe:

```
=COUNTIF(Vipindi!$A:$A,A2)
```

Hapa sifuri ni kinyume: ni jina lisilojulikana, isipokuwa kama mtu huyo kweli hafundishi kidato cha kwanza hadi cha tatu. Safu hizi mbili zisomwe pamoja kila mara. Fomula hizi hazijui chochote kuhusu saa 3:20, wala kuhusu nani anafundisha somo linalofanywa. Hayo yanabaki kwa jicho la mpangaji.

Ijumaa inastahili ukurasa wake. Shule nyingi hufupisha vipindi siku hiyo au huvisogeza kupisha sala na vipindi vya dini, na kengele zikihama, mkato wa saa 3:20 unaangukia katikati ya kipindi. Andika upya saa za Ijumaa, tafuta kengele iliyo karibu na katikati ya mtihani, ukate hapo. Karatasi ya mchana ya siku hiyo ipangwe baada ya kujua waumini wanarudi saa ngapi kutoka msikitini, walimu na watahiniwa pia.

Jedwali likikamilika, libandikwe ofisi ya walimu siku tatu kabla ya mtihani, na nakala ya pili ibaki kwa mwalimu wa taaluma. Walimu wabadilishane wakitaka, ila badiliko liandikwe kwenye nakala zote mbili na anayepokea atie saini, baada ya kutazamwa tena kwenye jedwali la vipindi. Mgonjwa akipiga simu saa 1:30 asubuhi, mwalimu wa taaluma asianze kuuliza ofisini nani yuko tayari. Mstari wa awamu hiyo una orodha ya waliofaa na hawakuchukuliwa. Aliye na awamu chache kuliko wenzake ndiye anayeitwa, na hesabu yake inaongezwa moja. Mtihani ukiisha, safu hiyo ya hesabu inahamishiwa mtihani unaofuata, ili aliyesimamia mara nne moko hii aanze na mbili katika mtihani wa muhula.